Wandezu: maelezo kwa waandishi na mchoraji wa "Babu wa Ndolezi"

Kwao ni Proxima b, sayari iliyogunduliwa mwaka 2016, umbali wa miaka ya nuru 4.2. Mwaka wao mzima ni siku zetu 11 na saa chache. Katika hadithi yetu, upande mmoja wa sayari hiyo unatazama jua daima na mwingine uko gizani daima. Wandezu wanaishi katikati, kwenye machweo yasiyokwisha. Hulala wakichoka, kila mtu kwa wakati wake, kwa hiyo asiwepo mhusika atakayemwambia Mndezu "tuonane kesho" na akaelewa.

Damu yao inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, kama ya pweza, na ikipata hewa ni ya bluu. Damu ya namna hii huvumilia baridi. Kule Kitulo, mita 2,600 juu, Mndezu wetu anatamba. Akishuka Usangu miguu inamwisha. Aliyepewa kipindi cha tatu asimpitishe Chimala mchana wa Oktoba eti barabara ni nzuri. Wapite Isyonje hadi Uyole usiku, na hata mteremko wa Songwe umtoe jasho.

Mchoraji, yale macho makubwa meusi tumeyachoka. Mpe macho madogo, na kwenye mdomo vishimo vya kuhisi joto kama vya chatu. Mtu aliyejificha gizani, Mndezu anamwona. Picha ukutani haioni.

Salamu yao ni kukupa joto. Mdogo husugua viganja mpaka vipate moto, kisha huviweka karibu na uso wa mkubwa bila kumgusa. Kumpa mkubwa mkono wa baridi ni kumwambia afe. Sasa fikirieni Mwezi wa Sita, Uyole alfajiri, Bibi Tusekile ametoka kuchota maji ya bomba, anampa mgeni mkono kwa heshima zote. Ugomvi wa kipindi cha pili uanzie hapo, na bibi asijue kosa lake mpaka mwisho wa kipindi.

Imani ndiyo inayobeba hadithi. Kwa kuwa chuma hakimo katika damu yao, kwao ni kitu cha waliokufa: mzee akifariki, roho yake hugeuka chuma na kurushwa angani itafute jua jingine. Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, kilicho karibu chote chuma na nikeli kidogo, ni babu aliyefika. Mndezu amekuja kumsalimia.

Halafu anakuta alama ya msumeno, pale mjiolojia alipokata kipande miaka ya 1930. Asilie, Wandezu hawana machozi. Apashe viganja, aviweke kwenye mkato, kisha amuulize mlinzi kwa Kiswahili chake kibovu: "Nyama ya babu iko wapi?" Mlinzi amwambie kwanza akate tiketi.