Andiko la Mradi: Kurekodi na Kuhifadhi Kidahalo, Kaunti za Lamu na Tana River, 2027–2028

Lugha yenyewe, na kwa nini tunaomba sasa

Kidahalo ni lugha ya Kikushi inayozungumzwa na jamii ndogo ya waliokuwa wawindaji na warina asali karibu na mlango wa Mto Tana. Sisi Waswahili wa pwani tumezoea kuwaita Wasanye, jina tunalowarundikia pia Wawaata, ambao lugha yao ni nyingine kabisa. Waliobaki wakikisema Kidahalo wengi wao ni wazee, na wote wanajua Kiswahili. Wajukuu wao huamka kwa Kiswahili na kulala kwa Kiswahili. Hapana aliyewakataza lugha ya babu zao. Ni kwamba sokoni, madrasa, shuleni na katika ndoa na majirani, Kiswahili kimetosha kila kitu.

Kwa mwanaisimu lugha hii ni hazina. Katika Afrika Mashariki lugha zenye vidoko, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa kufyonza ulimi, ni tatu tu: Kihadza na Kisandawe huko Tanzania, na Kidahalo kwetu Kenya. Tena Kidahalo kina vidoko katika maneno machache, makumi tu, na wengi wanaamini hayo ni masalia ya lugha ya zamani zaidi ambayo watu hawa waliisema kabla ya kuingia Kikushi. Mzee mmoja akifariki, huenda akaondoka na neno ambalo hakuna mwingine anayelikumbuka. Upo muhtasari wa sarufi uliochapishwa 1991 na utafiti wa fonetiki wa 1993. Ni kazi za heshima na tutazitegemea, lakini ziliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wanaisimu. Mazungumzo ya kawaida, watu wakitaniana, wakibishana bei au wakimkanya mtoto, hayo ndiyo tunayoyataka.

Sisi ni kikundi cha watu saba chenye ofisi ya chumba kimoja Mji wa Kale, Mombasa. Wawili wetu ni wanaisimu, mmoja ni fundi wa sauti, waliobaki ni walimu na wanukuzi.

Tulilojifunza katika safari ya majaribio

Mwaka 2025 tulikaa siku 11 karibu na Witu tukarekodi saa 7 na wazee watano. Tuliporudi Mombasa, mnukuzi wetu, kijana hodari mzaliwa wa Majengo, alikaa na faili moja ya bibi akisimulia namna ya kutafuta mzinga. Baada ya wiki alileta nakala safi. Pembeni aliandika: "Bibi alikuwa amekasirika, anasonya mara kwa mara. Nimeyaondoa masonyo yote."

Yalikuwa vidoko. Sikio la Mswahili likisikia ulimi ukifyonzwa kwenye meno husikia dharau, halisikii konsonanti. Tulimpigia bibi simu, tukamchezea kipande kile. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo si kusonya. Hilo ndilo neno lenyewe." Mjukuu wake, ambaye tulikuwa tumemwandika kama mtu asiyejua Kidahalo, alikuwa ameketi kando yake na akavitaja vidoko vyote bila kukosea. Hawezi kuitunga sentensi, lakini sikio lake limelelewa humo.

Mradi wote umejengwa juu ya mkasa huo. Mafunzo ya watafiti wa jamii hatukuyaongeza ili andiko lipendeze. Bila wao tutakusanya saa nyingi za sauti na kuzinukuu vibaya.

Watafiti wa jamii: nani, na watafunzwaje

Tutachukua watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, waliochaguliwa katika baraza la wazee wenyewe. Hatutadai cheti cha kidato cha nne. Tutadai mambo mawili: awe ameishi na msemaji, na awe anasoma Kiswahili bila taabu. Tunategemea wengi watakuwa kama yule mjukuu, wenye kusikia kuliko kusema.

Mafunzo yatafanyika Witu, si Mombasa. Tulilifikiria sana hili, kwa kuwa kuwaleta watu sita mjini ni rahisi kwetu. Lakini mtu aliyefunzwa kwenye chumba chenye feni na umeme, akirudi kwenye baraza lenye kuku, upepo na jirani anayetwanga, hajui aanzie wapi. Afadhali aanze na kuku.

Wiki ya kwanza ni kusikiliza tu. Kidahalo kina vidoko, kina sauti za kuvuta hewa ndani na kina sauti zinazorushwa kwa kubana koo. Zile za kuvuta ndani hazitatusumbua, maana b na d za Kiswahili chetu zina tabia hiyo hiyo. Vilevile Kidahalo hutenganisha t ya meno na t ya ufizi, na hapo wakufunzi wetu wenye Kimvita cha nyumbani wana bahati, kwa kuwa Kimvita nacho hutenganisha. Za kubana koo ndizo zitakazotutoa jasho.

Kisha vitafuata kinasa sauti na maikrofoni, kuomba ridhaa, kuzitaja faili na kunukuu kwa programu ya ELAN. Kila mtafiti atafanya kazi siku 10 kwa mwezi, kwa miezi 20, kwa Sh 1,500 kwa siku. Siku hizo tumezipunguza makusudi, kwa kuwa watu hawa wana mashamba, na mradi unaomfanya mtu aache shamba humwacha na njaa siku ya kufungwa. Katika mwaka wa pili wawili kati yao watafundisha wenzao kutumia programu ya FLEx kutengeneza kamusi, nasi tutakaa nyuma.

Namna ya kurekodi

Shabaha ni saa 60 za sauti, 25 kati yake zikiwa na video. Saa 20 zitanukuliwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na saa 8 zitachambuliwa neno kwa neno. Msomaji wa maombi kama haya anaweza kuuliza kwa nini zisinukuliwe zote 60. Katika majaribio, dakika moja ya mazungumzo ilitukula dakika 50 za kunukuu. Saa 20 ni kama saa 1,000 za kazi, na kwa kuwa kila nakala itafanywa na watu wawili pamoja, ni 2,000. Kwa saa tano kwa siku, hizo ni siku 400, yaani theluthi ya siku 1,200 tulizoombea watafiti sita. Anayeahidi zaidi ya hapo hajawahi kunukuu.

Sauti itachukuliwa kwa WAV, 48 kHz, biti 24, na maikrofoni ya kuvaa kichwani. Kidoko ni sauti fupi na kali: maikrofoni ikikaa mbali upepo wa kusi huimeza, ikikaa mbele ya mdomo hupasuka. Itakaa pembeni ya shavu. Kila faili itaitwa kwa mtindo mmoja:

```
dal_20270412_asali_01.wav
```

Herufi tatu za mwanzo ni alama ya kimataifa ya lugha hii, kisha tarehe, mada na namba ya kipande.

Mazungumzo huru ndiyo yatakayokuwa mengi. Orodha za maneno zitafuata baadaye, kwa sababu mzee akiulizwa "kichwa mwaitaje, mkono mwaitaje" siku ya kwanza hujiona yuko mtihanini. Uzito mkubwa tutauweka kwenye asali: miti, nyuki, moshi, kamba, misimu. Msamiati huo bado una kazi, watu wanarina hadi leo, na unaweza kurekodiwa mtu akiwa kazini.

Uwindaji ni habari nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Mzee akisimulia ujana wake porini, simulizi hiyo ni lulu kwa lugha, na ikichezwa mbele ya mtu asiyefaa inaweza kumletea maswali. Kwa hiyo kila rekodi itakuwa na ngazi ya ruhusa: kwa wote, kwa jamii tu, au kufungwa mpaka msemaji au familia yake iseme. Ridhaa itaombwa kwa mdomo na kurekodiwa, kabla ya kikao na tena baada ya mzee kujisikiliza, na anaweza kuiondoa. Tutafuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hatutaanza kazi bila leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Majina ya vijiji na wasemaji hayamo katika andiko hili kwa sababu hiyo hiyo.

Maandishi ya lugha wataamua wenyewe. Kizulu huandika kidoko cha meno kwa herufi c, nayo katika Kiswahili imekaa bure pasipo h. Tutaipendekeza. Wakiikataa, tutatumia watakachochagua. Na jina "Dahalo", ambalo baadhi wanalinusia dharau, litajadiliwa katika baraza la kwanza.

Ratiba

Januari 2027 ni ya leseni, barua za kaunti, machifu na baraza. Ramadhani inaangukia Februari na Machi mwaka huo, na wengi tutakaofanya nao kazi ni Waislamu, hivyo hatutarekodi. Tutanunua na kupima vifaa. Mafunzo ni baada ya Idi, mwishoni mwa Machi, na siku za kazi zinaanza kuhesabiwa Aprili. Masika hayazuii kunukuu, ila huzuia kusafiri. Mwisho wa 2023 mvua za El Nino ziliikata barabara kutoka Garsen kwenda Lamu, nasi hatutaki mradi unaongoja gari. Kuanzia Aprili watafiti watarekodi nyumbani kwao, sisi tutakwenda Juni, Agosti na Oktoba.

Mwaka 2028 ni wa kunukuu na kamusi. Siku za kazi zitaisha Novemba. Desemba ni ya kukabidhi.

Usalama wa sehemu za Lamu hubadilika. Hatutasafiri usiku, na safari ikisitishwa kazi itaendelea bila sisi, kwa kuwa vinasa sauti viko kwa watafiti wa jamii.

Fedha na mahali pa kuhifadhi

Tunaomba Sh 6,150,000. Watafiti wa jamii ni Sh 1,800,000, na wazee Sh 150,000 kwa vikao 150. Hizo mbili ni karibu theluthi ya bajeti. Vifaa ni Sh 1,050,000, pamoja na sola. Waratibu wawili wa nusu muda ni Sh 1,440,000, usafiri na malazi Sh 900,000, mafunzo na mabaraza Sh 460,000, uchapaji wa kamusi na vijitabu vya hadithi Sh 350,000.

Tutaomba nakala moja ipokelewe na hifadhi ya kimataifa ya lugha zilizo hatarini, na nyingine na Makumbusho ya Taifa, Ngome ya Yesu. Ya tatu itabaki Witu kwenye diski mbili, na kila familia itapewa rekodi zake kwenye memori kadi, maana watu husikiliza kwa simu. Vinasa sauti, kompyuta na sola havitarudi Mombasa. Vitaandikwa kwa jina la baraza la wazee tangu siku vinaponunuliwa.