Uzi wa Timazi

Kozi ya 4 ya matofali ilipokamilika huko Pasua, Moshi, mzee mwashi alishusha timazi kwenye kona, akasubiri uzi utulie kabisa, kisha akamwita mwanafunzi wake.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Ukuta umeinama kidogo tu, mzee. Labda sentimita 2."

"Sentimita 2 kwa kimo cha mita 1; tukifika mita 3 zitakuwa 6, na tofali letu lina unene wa sentimita 15 tu. Uzito hushuka wima, haufuati mwinamo wa ukuta, kwa hiyo utaelemea ukingo mmoja, na upande wa pili utafunguka nyufa."

Akalaza pimamaji juu ya kozi. Kiputo kikakimbilia kushoto, upande ulioinuka.

"Na hapa linta itakaa wapi?"

Kijana hakujibu. Aliitazama kazi ya asubuhi nzima, na kwa kweli ni uchungu kubomoa ulichojenga kwa jasho, kisha akachukua mwiko na, kabla udongo haujakaza, akaanza kuyabandua matofali moja baada ya jingine, huku mzee akimshikia uzi.