Barua kwa Rehema kuhusu swali la 4

Kwa Rehema, Kidato cha Pili B

Habari za masomo? Nimeambatisha karatasi yako ya jaribio. Swali la 4 limekunyima alama nyingi, na nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana wino mwekundu pembeni mwa karatasi usingetosha. Kosa lako ni moja tu, ila umelirudia kila mahali.

Tuanze na 4(b). Uliambiwa urahisishe

(x² − 9) / (x² + 5x + 6)

Ukapiga mstari kwenye x² ya juu na x² ya chini, ikabaki −9/(5x + 6). Kisha ukaona 9 na 6 zinagawanyika kwa 3, ukakata tena, ukamaliza na −3/(5x + 2). Sasa weka x = 4 kwenye swali lenyewe. Juu unapata 16 − 9 = 7, chini 16 + 20 + 6 = 42, na 7/42 ni 1/6. Weka 4 hiyo hiyo kwenye jibu lako: −3/22. Swali linatoa namba chanya, jibu lako linatoa namba hasi. Hivyo viwili haviwezi kuwa kitu kimoja.

Kwa nini imekuwa hivyo? Turudi kwenye kukata kwenyewe. Tunapoandika 15/21 = 5/7, tunachofanya ni hiki:

15/21 = (5 × 3)/(7 × 3) = 5/7 × 3/3 = 5/7 × 1

Ile 3 inaondoka kwa sababu inazidisha kiasi chote na asili yote, hivyo tunaweza kuitenga ikawa 3/3, yaani 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Badilisha alama uone: (5 + 3)/(7 + 3) ni 8/10, yaani 4/5. Ukikata zile 3 utapata 5/7, na 5/7 si 4/5. Namba ni zile zile, ila 3 iliyojumlishwa haitengeki ikawa 3/3. Imeshachanganyika na mwenzake.

Kwa hiyo kinachokatwa ni kigawo, yaani kitu kinachozidisha vyote vilivyobaki upande wake wa sehemu. Vipande vilivyounganishwa kwa + au − havikatwi kimoja kimoja. Katika x² − 9, x² ni kipande na 9 ni kipande. Hakuna kati yao ambacho ni kigawo cha kiasi chote. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuvunja juu na chini kuwa vigawo, na kalamu ya kukatia isubiri:

x² − 9 = (x − 3)(x + 3)
x² + 5x + 6 = (x + 2)(x + 3)

Sasa (x + 3) inazidisha juu na inazidisha chini. Inakatwa nzima, pamoja na mabano yake, inabaki

(x − 3)/(x + 2)

Hapo simama. Najua mkono utawasha kukata x na x ili ubaki na −3/2, lakini umesharudi kwenye vipande. Jaribu kwa 4: (4 − 3)/(4 + 2) = 1/6, sawasawa na swali. Ongeza pembeni kwamba x isiwe −3 wala −2, kwa sababu namba hizo zinafanya asili ya swali kuwa 0. Ile −3 haionekani tena kwenye jibu, lakini katazo lake linabaki.

Nadhani najua imani yako ilitoka wapi: ni 4(a). Uliulizwa (x² − 9)/(x − 3). Ukagawa x² kwa x ukapata x, ukagawa −9 kwa −3 ukapata +3, ukaandika x + 3. Jibu ni sahihi, ila njia si sahihi, na nimekupa alama ya jibu peke yake. Imetokea hivyo kwa sababu ya umbo la swali: tofauti ya vipeo viwili vya pili, a² − b², ukiigawa kwa a − b unapata a + b, na a + b ndiyo hiyo hiyo unayoipata ukigawa kipande kwa kipande. Ukiondoka kwenye umbo hilo njia inaanguka. Chukua (x² − 8)/(x − 2). Kwa njia yako ni x + 4. Weka x = 4: swali linatoa 8/2 = 4, njia yako inatoa 8.

Kwenye 4(c) ulikuwa karibu zaidi. Kwa (6x + 9)/3 uliandika 2x + 9. Kugawa kila kipande cha juu kwa 3 kunaruhusiwa, kwa kuwa chini kuna kitu kimoja tu, ila ni lazima ugawe vyote: 6x/3 + 9/3 = 2x + 3. Wewe uligawa kimoja ukamwacha mwenzake. Mimi napendelea utoe 3 nje kwanza, 3(2x + 3)/3, kwa sababu hapo hakuna wa kusahauliwa. Angalia tu usiigeuze ruhusa hii ikaenda chini: 12/(2 + 4) ni 2, wakati 12/2 + 12/4 ni 9. Asili haipasuliwi.

Jambo jingine dogo: kigawo kikikatwa chote, kinachobaki ni 1, si 0 wala nafasi tupu. (x + 3)/((x + 3)(x − 2)) ni 1/(x − 2).

Kuhusu kuhakiki kwa kuweka namba: chagua vizuri. Ukiweka 0, vipande vyote vyenye x vinapotea. Ukiweka 1, x² na x zinalingana na kosa linaweza kujificha. Na usiridhike na namba moja. Jaribu jibu lako la 4(b) kwa 0, kisha kwa 2: mara zote mbili litalingana na swali, −3/2 kisha −1/4, na bado ni kosa! Namba zinazodanganya hapo ni hizo mbili tu, ila kwenye chumba cha mtihani huwezi kujua ni zipi. Tumia mbili kama 4 na 5, na uepuke zinazofanya asili kuwa 0.

Fanya haya manne kwenye daftari la mazoezi. Kabla ya kukata chochote, zungushia mabano kiasi chote na asili yote, halafu andika kila upande kama zao la vigawo:

(2x + 10)/(x + 5)
(x² − 4)/(x² + 4x + 4)
(x² + 16)/(x + 4)
(x − 3)/(3 − x)

Moja kati yake halirahisishiki kabisa. Kwa hilo andika "halirahisishiki" na sentensi moja ya sababu, usilazimishe. La mwisho linaonekana kama halina cha kukata, lakini toa −1 nje ya mabano ya chini uone.

Niletee daftari Alhamisi wakati wa mapumziko ya saa nne, ofisi ya walimu wa hisabati. Njoo na karatasi hii pia, nikiona 4(b) umeifanya upya nitaisahihisha palepale.

Mwalimu wako wa Hisabati,
Mwl. Kileo