Sera ya Shule Kuhusu Maandishi ya Akili Mnemba

Mwanafunzi anaruhusiwa kutumia akili mnemba kutafuta mawazo au kusahihisha tahajia, mradi aeleze mwishoni mwa kazi alichosaidiwa. Kuwasilisha insha iliyotungwa na programu kama yake ni udanganyifu.

Alama ya kigunduzi, yaani programu inayokadiria kama maandishi yametungwa na akili mnemba, peke yake si ushahidi, hata ikisoma asilimia 98. Kampuni ya OpenAI iliyounda ChatGPT yenyewe iliondoa kigunduzi chake mwaka 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Vifaa hivi pia huwaonea wanaoandika kwa lugha isiyo yao ya kwanza, ambao sentensi zao huwa fupi na za kawaida.

Mwalimu mwenye shaka ataanza na rasimu, historia ya mabadiliko ya faili na kazi za awali za darasani. Kisha atazungumza na mwanafunzi faraghani: kwa nini aya ya pili inapingana na ya kwanza? Chanzo hiki ulikisoma wapi? Kigugumizi cha woga hakihesabiwi kuwa kukiri.

Adhabu huamuliwa na mwalimu wa taaluma pamoja na mwalimu mwingine asiyefundisha somo hilo. Rufaa hupokelewa na mwalimu mkuu ndani ya siku 7. Hadi hapo, alama za kazi hazifutwi.