Mkataba wa Kuitangaza Nyumba ya Wageni ya Paje Mtandaoni

Paje, Mkoa wa Kusini Unguja
Jumatatu, 15 Juni 2026

Assalaam alaykum Bwana Haji,

Huu ndio mkataba wetu baada ya mazungumzo ya Alkhamisi barazani kwako. Nimeuandika kwa maneno tunayozungumza kila siku ili tuusome sote bila ya kumtafuta mtu wa kutufasiria. Hata hivyo ni mkataba kamili, na kila kilichomo kinatufunga wewe na mimi. Humu "mimi" ni Bi Zuhura, mtengeneza maudhui, mkaazi wa Jang'ombe, mwenye kurasa za Instagram na TikTok ulizoziona. "Wewe" ni Bwana Haji, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 12 hapo Paje. Majina yetu kamili yamo kwenye nakala za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi tulizoziambatanisha.

1. Kazi nitakayokukabidhi

Nitakutengenezea video fupi 3, kila moja kati ya sekunde 30 na 60, zilizosimama wima kwa ajili ya simu. Stori 8 za Instagram. Na picha 15 zilizohaririwa. Video ya kwanza ni ya nyumba yenyewe na vyumba vyake. Ya pili ni ya chakula, na kwa hapa nataka mpishi wako aonekane akikuna nazi na kuunga mchuzi wa pweza, kwa sababu hilo ndilo lililonivutia mimi siku nilipokula kwako. Ya tatu ni ya bahari.

Nitarikodi kuanzia Jumatatu 29 Juni hadi Alkhamisi 2 Julai. Siku hizo nimezichagua makusudi. Mwezi utakuwa mpevu na maji yatakuwa ya bamvua: asubuhi kiasi cha saa 4 bahari imekupwa mbali na kinamama wako kwenye mwani, na alasiri kiasi cha saa 10 maji yamejaa mpaka karibu na miti yako. Picha zote mbili zitapatikana siku moja. Mvua au upepo ukituharibia, tuna Ijumaa 3 Julai ya akiba bila ya malipo ya ziada.

Rasimu za video utazipata Jumatatu 6 Julai kwa WhatsApp. Una siku 2 za kunijibu. Marekebisho ya awamu moja yamo ndani ya bei. Awamu ya pili ni shilingi 60,000 kwa kila video. Siku 2 zikipita kimya, nitachukulia umeridhika. Jambo nililolikosea mimi, kama bei ya chumba au jina la mahali, nitalisahihisha wakati wowote bila ya kulipwa.

Video zitapandishwa kwenye kurasa zangu Jumamosi tatu, tarehe 11, 18 na 25 Julai, saa 2 usiku. Hazitafutwa kwa muda usiopungua miezi 12. Tarehe 8 Agosti nitakuletea picha za skrini za takwimu: waliotazama, waliohifadhi, waliobonyeza na nchi wanazotoka.

Sikuahidi idadi ya wageni wala idadi ya watazamaji, na malipo yangu hayategemei hayo. Ninachoahidi ni kazi nzuri kwa wakati.

2. Malipo

Nimeyachambua ili uone kila shilingi inanunua nini:

Video 3 kwa 350,000 kila moja: 1,050,000
Stori 8 kwa 25,000 kila moja: 200,000
Picha 15 kwa 20,000 kila moja: 300,000
Haki ya kuzitumia kwenye matangazo ya kulipia, siku 60: 350,000
Kutowatangaza washindani wako, siku 45: 500,000
Jumla: shilingi 2,400,000

Utalipa mara tatu. Arbuni ya 960,000 ndani ya siku 3 baada ya kutia saini. 960,000 siku utakapopokea rasimu. Na 480,000 ndani ya siku 7 baada ya video ya mwisho kupandishwa. Katika kila malipo utazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio inayowahusu watengeneza maudhui ya kidijitali walio wakaazi, uipeleke TRA, na unipe hati yake. Kwa hiyo mkononi nitapokea 912,000, kisha 912,000, kisha 456,000.

Usiku 3 wa kulala na chakula cha asubuhi na jioni utanipa bure, mimi na mpigapicha wangu, vyumba viwili. Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoumia: chumba si sehemu ya ujira. Nalala Paje kwa kuwa mwangaza mzuri unapatikana alfajiri na magharibi, na siwezi kutoka mjini kila siku nikauwahi. Hoteli moja ya pwani iliwahi kunipa usiku 4 "badala ya pesa", nikarudi nyumbani na kumbukumbu za simu zimejaa na nauli ya daladala sina. Ujira wa mpigapicha, usafiri kutoka mjini na kuhariri vimo ndani ya bei niliyotaja, ni juu yangu.

Malipo yakichelewa zaidi ya siku 7, nitasimamisha kupandisha kilichobaki mpaka yafike, na haki za kutumia nazo zitasimama. Tarehe zitasogezwa kwa siku hizo hizo.

3. Haki ya kutumia picha na video

Hakimiliki ya nitakachotengeneza inabaki kwangu, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Unachonunua ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa hiyo ina mipaka ya mahali na muda.

Kwenye kurasa zako mwenyewe za mitandao, tovuti yako, na majibu unayowatumia wageni kwa WhatsApp, unaweza kuvitumia kuanzia 11 Julai 2026 hadi 10 Januari 2027. Hili halina malipo zaidi. Nitaje kila unapoweka.

Kwenye matangazo ya kulipia, yaani unapotoa pesa Meta au TikTok ili video isukumwe kwa watu wasiokufuata, ruhusa ni ya siku 60, kuanzia 11 Julai hadi 8 Septemba. Bei yake nimeitenga kwa sababu uso wangu utakuwa unawafikia watu nisiowachagua, na mteja mwengine wa hoteli akiuona kila siku hatanitafuta mimi kwa kazi yake. Ukitaka kuongeza siku 30, ni shilingi 175,000, tukubaliane kabla ya 8 Septemba. Tangazo litatoka kwenye akaunti yako. Kutangaza kupitia akaunti yangu hakumo katika mkataba huu.

Mabango ya barabarani, vipeperushi, televisheni, tovuti za kampuni za utalii na tovuti za kuuzia vyumba pia hazimo. Ukivihitaji, niulize, tutapanga bei. Video ambazo sijazihariri hazikabidhiwi.

Usikate, usigeuze rangi, wala usiweke sauti nyengine juu ya video bila ya kuniuliza. Kufupisha kwa ajili ya stori ninakuruhusu. Picha yangu isiwekwe pamoja na tangazo la pombe, kwa muda wote na mahali popote. Mimi ni mtoto wa watu, na wazazi wangu wanafungua simu kama wengine.

Muziki nao tuuangalie. Nyimbo maarufu zilizomo ndani ya Instagram hazina ruhusa ya kutumika kwenye tangazo la biashara. Kwa hiyo kila video nitakupa nakala mbili: moja ya ukurasa wangu, na moja ya matangazo yenye sauti ya mawimbi na upepo tuliyoirikodi wenyewe.

4. Kutowatangaza washindani

Uliomba miezi mitatu na hoteli zote za Unguja. Tumeishia siku 45, kuanzia 11 Julai hadi 24 Agosti 2026, na nataka iandikwe kwa nini. Kisiwa chetu ni kidogo, na utalii ndio unaoleta wateja wangu wengi. Siku hizo ni za kusi, wageni ndio wanapojaa, na ndipo ninapopata kazi za kunipitishia masika nzima. Anayenifungia milango wakati huo lazima anilipe kwa milango hiyo.

Basi katika siku hizo 45 sitatengeneza wala kupandisha tangazo la kulipwa la nyumba ya kulala wageni iliyopo Paje, Jambiani au Bwejuu. Hoteli za Nungwi, Kendwa, Mji Mkongwe na Pemba hazikatazwi. Mikahawa, boti, skuli za kuteleza na tiara na ziara za viungo hazikatazwi popote, hata Paje. Kazi mbili nilizokwisha kuzisaini, ya ziara ya viungo Kizimbani na ya mkahawa wa Forodhani, nimekuonesha na umeridhia. Picha za zamani zilizomo kwenye ukurasa wangu sitazifuta, na kumtembelea ndugu au rafiki mwenye hoteli si tangazo.

Nikivunja sharti hili, nitakurudishia zile 500,000 zote. Wewe ukivunja mkataba usilipe, sharti linafutika siku hiyo hiyo.

5. Ukweli, stara na ruhusa

Kila video itakuwa na alama ya ushirikiano wa kulipwa na neno #tangazo mwanzoni mwa maelezo. Nitasema nilichokiona. Unaweza kunisahihisha kwenye bei, idadi ya vyumba na huduma. Huwezi kunitaka niseme maji ya moto yapo vyumba vyote ikiwa yapo sita.

Kinamama wa mwani wataombwa ruhusa kabla ya kamera kutolewa, na kila atakayeonekana utampa shilingi 30,000 siku hiyo hiyo. Asiyetaka, hatumrikodi. Watoto na msikiti havipigwi. Droni hatutaitumia, kwani inataka vibali, na muda wa kuviomba hatuna.

6. Likitokea la kutokea

Ukiahirisha kabla ya 22 Juni, nitakurudishia arbuni yote. Ukiahirisha kuanzia tarehe hiyo, arbuni haitarudi, kwa kuwa siku hizo nitakuwa nimewakatalia wengine. Nikiahirisha mimi, narudisha yote. Ukiingia ugonjwa au msiba upande wowote, hakuna anayedaiwa. Tutatafuta tarehe nyengine ya bamvua, na kila muda uliotajwa humu utasogezwa pamoja nayo.

Tukihitilafiana tutakaa kwanza barazani, mbele ya mtu mmoja tuliyemkubali sote. Siku 14 zikipita bila ya suluhu, mahakama za Zanzibar ndizo zitakazoamua. Mabadiliko yoyote yataandikwa. Ujumbe wa WhatsApp ambao sote wawili tumeujibu "nakubali" unatosha.

Nakala mbili, moja yako, moja yangu.

Bi Zuhura, ametia saini, 15 Juni 2026
Bwana Haji, ametia saini, 15 Juni 2026