YAH: Ombi la kuhakiki orodha ya dawa za Mzee Magesa Bwire kabla hajalazwa

Neema Magesa,
Kirumba, Mwanza.
10 Juni 2025

Mganga Mfawidhi,
Kliniki ya Presha na Sukari,
Nansio, Ukerewe.

Ndugu Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa Mzee Magesa Bwire, mwenye umri wa miaka 71, mgonjwa wenu wa presha na sukari. Jumatatu tarehe 16 Juni atalazwa Hospitali ya Sekou Toure hapa Mwanza kwa upasuaji wa ngiri ya kinena, na upasuaji wenyewe ni kesho yake. Wodini wataanza na dawa anazotumia, na kitakachoandikwa kwenye faili siku hiyo ndicho atakachopewa. Kwa hiyo naomba mlinganishe picha nilizoambatanisha na faili lake pamoja na rejesta yenu ya dawa, kisha mtupe orodha iliyohakikiwa, yenye sahihi na mhuri, kufikia Ijumaa mchana tarehe 13 Juni. Jumamosi asubuhi Baba anapanda meli.

Picha ni tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa daftari lake la kliniki wa tarehe 14 Machi 2025; namba ya faili inaonekana juu, upande wa kulia. Ya pili ni bahasha za dawa alizochukua mwezi Mei. Ya tatu ni maboksi na pakiti zote zilizokutwa nyumbani, zikiwa zimepangwa mezani upande wenye nguvu ya dawa na tarehe ya kuisha muda. Nimezituma WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, maana picha ikibanwa nukta ya desimali hupotea na 2.5 ikasomeka 25. Majina ya dawa humu nimeyaandika tunavyoyatamka. Tahajia ya kufuata ni ile ya kwenye maboksi.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni glibenklamaidi. Tazameni picha ya kwanza, mstari wa nne. Baada ya "5 mg" kuna 1, halafu alama iliyofutwa na mkunjo wa karatasi, halafu 2. Ikiwa ni 1/2, Baba anatakiwa kumeza nusu kidonge, yaani 2.5 mg kwa siku. Ikiwa ni 1×2, ni kidonge kimoja mara mbili, yaani 10 mg. Ni tofauti ya mara nne, na bahasha ambayo ingetusaidia imeshatupwa. Kwa sasa Baba anameza nusu asubuhi kabla ya chai. Akiandikiwa 10 mg wodini, na huku amezuiwa kula kwa ajili ya upasuaji, sukari inaweza kushuka vibaya, kisha jasho na kuchanganyikiwa vikadhaniwa ni uchovu wa dawa ya usingizi. Na kama 1×2 ndiyo sahihi, basi amekuwa akimeza pungufu, na waganga wanatakiwa kulijua hilo kabla hawajasoma kipimo chake cha sukari. Kwa hili moja naomba mnipigie leo leo, msisubiri orodha nzima.

La pili ni losatani. Daftari linasema losatani 50 mg, kidonge kimoja asubuhi. Kwenye picha ya tatu kuna maboksi mawili: moja ni losatani 50 mg tupu, jingine ni losatani 50 mg iliyochanganywa na hidroklorothayazidi 12.5 mg, ambalo lilinunuliwa duka la dawa Mei, ile ya kawaida ilipokosekana. Majina yanafanana kiasi kwamba mtu anayenakili haraka ataandika yote mawili, na Baba atapata losatani 100 mg na dawa ya kukojosha juu yake. Tumemwelekeza mdogo wangu Bwire, anayeishi naye, asimpe Baba yote mawili kwa siku moja. Wiki hii anatumia lile la mchanganyiko. Tuambieni lipi mnalitambua ninyi, na lile lisilotakiwa liandikwe wazi kwamba limeachwa.

Amlodipini haina utata wa kipimo: ni 5 mg usiku, ila vidonge vilivyopo ni vya 10 mg na anakata nusu. Orodha ionyeshe nguvu ya kidonge na kiasi anachomeza, vyote viwili. Metfomini 500 mg inasomeka vizuri, 1×2, asubuhi na jioni baada ya chakula. Kwa sababu ya dawa hii tunaomba pia majibu ya kipimo chake cha mwisho cha figo pamoja na tarehe yake, kama yamo kwenye faili.

Aspirini 75 mg imo kwenye bahasha lakini haimo daftarini. Naomba mseme nani aliianzisha, lini, na kwa sababu gani. Daktari wa upasuaji anataka kujua habari ya damu kutoganda haraka, lakini uamuzi wa kuisimamisha au kuiendeleza unategemea kama ilitolewa kwa kinga tu au kwa tatizo la moyo au kiharusi. Sisi nyumbani hatujaisimamisha.

Yapo mambo matatu ambayo hamtayaona kwenye karatasi yenu yoyote, nami nayaweka ili yaingie kwenye rekodi. Baba hununua diklofenaki 50 mg kwa ajili ya magoti, siku mbili tatu kwa wiki. Pamoja na losatani na dawa ya kukojosha, dawa hiyo inaweza kuumiza figo. Anakunywa pia mitishamba ya kuchemsha asubuhi, ambayo aliyempa hakumtajia majina ya miti. Tena, daftari lake la zamani lilikuwa na maandishi mekundu kwamba Septrini ilimtoa vipele mwili mzima. Daftari jipya halina maandishi hayo. Tafadhali angalieni faili, na kama yamo, yarudisheni juu kabisa ya orodha.

Kwa kila dawa naomba jina lake halisi badala ya jina la kiwanda pekee, nguvu ya kidonge, kiasi kwa maneno ("nusu kidonge asubuhi", si 1/2 wala 1×2), saa za kumeza na ugonjwa unaotibiwa. Dawa zilizoachwa zisifutwe kimyakimya, ziandikwe "imeachwa" pamoja na tarehe. Pale ambapo faili halitoi jibu, andikeni "haijathibitishwa". Nafasi hiyo ni salama kuliko kukisia, maana wodini wataona kwamba wanatakiwa kuuliza.

Baba ana akili timamu na ameridhia. Barua yake yenye dole gumba ni kiambatisho cha nne. Mkitaka kumsikia mwenyewe, Bwire atampa simu. Majibu yaje kwangu, kwenye namba hii ninayotumia kuwatumia barua, na nakala halisi yenye mhuri achukue Bwire dirishani Ijumaa. Atakuja na kitambulisho chake, daftari la Baba, na mfuko wenye dawa zote ili mfamasia azione kwa macho.

Wako mwaminifu,

Neema Magesa
Binti wa mgonjwa

Viambatisho: picha 3 na barua ya ridhaa