Zoezi la wadi: Kitanda namba 7

Muda: dakika 40, wawili wawili. Usisome sehemu ya pili kabla ya kujibu ya kwanza.

Sehemu ya kwanza

Wewe ndiwe muuguzi wa zamu ya usiku, wadi ya upasuaji ya wanaume, Kisumu. Kitanda namba 7 kuna mvuvi wa Dunga, miaka 61, kilo 70. Juzi alipasuliwa baada ya kidole tumbo kupasuka. Chati yake:

Saa 2 usiku: pumzi 18, mapigo 88, presha 128/76, joto 37.4, oksijeni 97.
Saa 6 usiku: pumzi 22, mapigo 104, presha 118/70, joto 37.9, oksijeni 95.

Mkewe anakuvuta kando: "Sista, huyu si mzee wangu. Anauliza nani amechukua nyavu zake."

Ni nini kimebadilika? Andika kabla ya kugusa kipimo chochote. Na tafadhali, pumzi zihesabiwe dakika nzima. Nimechoka na chati ambazo wadi nzima inapumua mara 20.

Sehemu ya pili

Saa 8:30 usiku: pumzi 26, mapigo 118, presha 104/62, joto 36.0, oksijeni 93 bila mtungi. Mikono baridi. Tangu saa 6, mfuko wa mkojo umepata mililita 40 tu.

Wengi huandika: "Homa imeshuka, anaendelea vizuri." Soma tena. Kwa alama za NEWS2, saa 2 alikuwa na 0, saa 6 akawa na 4 kwa namba za chati pekee, bila kuhesabu maneno ya mkewe. Sasa hesabu mwenyewe, ukikumbuka kwamba kuchanganyikiwa kupya ni alama 3. Usipopata 12, rudia. Kuanzia 7 ni dharura.

Mkojo nao: tulitarajia angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Kwa saa mbili na nusu ingekuwa ngapi? Unashuku nini kwanza, na ni nini kingine kinachoweza kufanana nacho? Sukari ya damu umeipima?

Sehemu ya tatu

Usimwache peke yake, mtume mwenzako. Panga kwa mfuatano: oksijeni, kanula mbili nene, damu ya kuotesha kabla ya antibayotiki, antibayotiki ndani ya saa moja, dripu, kukagua kidonda na tumbo.

Kisha mpigie daktari wa zamu. Ukisema "mgonjwa hayuko sawa" atajigeuza upande wa pili alale. Mwanafunzi mmoja alisema hivi, nikampa alama zote:

"Daktari, ni wadi ya upasuaji, kitanda 7, siku ya pili baada ya kidole tumbo kilichopasuka. Amechanganyikiwa, pumzi 26, presha imetoka 128 hadi 104, mkojo mililita 40 kwa saa mbili na nusu. Nashuku sepsis. Nimempa oksijeni na dripu ninayo tayari. Naomba uje sasa, na uniambie antibayotiki gani nianze nayo."

Saa 9:15, baada ya mililita 500 za Ringa: presha 106/62, mapigo 116, pumzi 28, tumbo gumu kama ubao. Unamwita nani sasa, na unamwambia nini?